Nimeng'oa gugu jekundu lote shambani Hindi, na mahindi hayakuinuka: kosa liko wapi?

Mlimaji_wa_Hindi

Assalaam aleikum wanajamvi. Nina ekari moja hapa Hindi, Lamu, ninayoilima mahindi kila msimu wa masika, na vuli ikija vizuri huongeza mtama upande wa chini. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikivuna magunia sita au saba. Msimu uliopita sikufikisha mawili, ilhali jirani yangu aliye ng'ambo ya njia, mwenye mvua ile ile, alivuna kama kawaida.

Katikati ya mistari huota kijimea kifupi, kisichofika goti, chenye majani membamba na ua dogo jekundu kama la pambo. Mara ya mwisho niliwachukua vijana watatu tukang'oa kila kimoja kwa siku mbili, shamba likawa safi kama ua lililofagiliwa. Mahindi yaliyokuwa yamedumaa yakabaki yamedumaa, na mchana yananyauka hata udongo ukiwa na unyevu. Ikiwa gugu ndilo lenye makosa, mbona kuliondoa hakukusaidia? Na ikiwa si gugu, ni nini?

Kaka_Marafa

Ndugu yangu, hilo si gugu linaloleta udhaifu, ni udhaifu unaoleta gugu. Huku Marafa tumelima mahindi juu ya mahindi tangu enzi za wazee bila kurudisha chochote ardhini, na udongo wetu ni kichanga. Udongo ukichoka, gugu hilo jekundu hujitokeza lenyewe. Weka samadi ya kutosha nalo litaondoka bila kung'olewa. Mahindi yako yana njaa, basi.

Gongoni_Juu

Mimi nadhani ni ugonjwa wa michirizi unaoenezwa na wadudu wadogo wanaoruka kutoka kwenye nyasi. Nao huleta udumavu na rangi ya manjano. Gugu huenda limetokea kwa bahati tu mahali pale pale. Je, majani yana mistari myembamba iliyokatikakatika, inayofuata mishipa ya jani kutoka chini hadi ncha?

Mlimaji_wa_Hindi

Gongoni_Juu, mistari ya namna hiyo nimeiona kwenye mashina machache sana. Mengi yana mabaka yaliyopauka na ncha zilizokauka. Na yaliyodumaa hayakutawanyika shamba zima, yamekaa mafungu mafungu, hasa upande wa njia ambako trekta hugeukia.

BwanaShamba_Mstaafu

Swali la mwenye uzi ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu kidogo. Nilifanya kazi ya ugani katika sehemu za Malindi na Magarini kwa miaka mingi, na hili ndilo swali nililoulizwa mara nyingi zaidi ya jingine lolote kuhusu mimea hii.

Hiyo ni striga. Wenzetu wa Tanzania huiita kiduha, na wakulima wa kando ya Ziwa Viktoria huiita kayongo. Ukiiona na ua lake, jua kwamba umefika mwisho wa hadithi, kwa sababu kabla ya kuchungulia juu ya udongo imekwisha kuishi chini kwa wiki nne hadi saba ikiwa imejishikiza kwenye mzizi wa mhindi. Huko chini haina jani la kijani wala haina uwezo wa kujitengenezea chakula. Maji, chumvichumvi za ardhini na sukari, vyote hunyonywa kutoka kwa mwenyeji wake. Madhara makubwa hutendeka katika kipindi hicho cha giza. Zaidi ya kunyonya, humvuruga mhindi katika ukuaji wake, ndiyo sababu udumavu unaouona ni mkubwa kuliko ukubwa wa kijimea chenyewe. Ulipowaleta vijana watatu, mahindi yalikuwa yamekwisha kuumizwa. Kung'oa kwako hakukuwa kosa, ila faida yake si ya msimu huo. Ni ya misimu ijayo, na hata hiyo ni kwa sharti nitakaloeleza nikirudi.

Ukitaka kuhakikisha, usingoje ua. Mahindi yakiwa na wiki nne au tano, chagua shina moja lililodumaa na jingine lenye afya. Chimba kwa jembe mbali kidogo na shina, uinue bonge zima la udongo, uliloweke ndani ya ndoo ya maji kwa nusu saa, kisha uutikise taratibu mpaka udongo udondoke wenyewe. Usivute mzizi kwa nguvu, kwa maana vitu unavyovitafuta hukatika upesi. Kwenye shina lenye striga utaona vichipukizi vyeupe, laini, vyenye magamba madogo badala ya majani, na pale kimoja kinapogusana na mzizi pana kifundo kidogo. Shina lenye michirizi pekee, kama alivyotaja Gongoni_Juu, litakuwa na mizizi mitupu.

Mwalimu_Mpeketoni

Nashukuru kwa maelezo, lakini niruhusiwe kutofautiana. Mimi ni mzaliwa wa Homa Bay, na kayongo nimeing'oa tangu utoto. Ua lake ni la zambarau, na mmea wenyewe hufika kiunoni mwa mtoto. Kijimea kifupi chenye ua jekundu hakiwezi kuwa kayongo. Ndugu wa Hindi achunguze tena.

BwanaShamba_Mstaafu

Mwalimu, wote wawili mko sahihi kwa macho yenu. Striga ni jamaa yenye aina nyingi. Ile ya ziwani ni ndefu, ina maua ya zambarau, na ili izae ni lazima wadudu wapeleke chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Hii ya pwani yetu ni fupi, ua lake huwa jekundu na mara chache la manjano, na hujichavusha yenyewe. Hilo la mwisho lina maana kwa mkulima: mmea mmoja tu uliosahauliwa kwenye pembe ya shamba unatosha kuzaa, hauhitaji mwenzake. Maisha yao ya chini ya udongo ni yale yale.

Ukhti_Faza

Hata kunde zangu zimevamiwa na kitu hicho msimu huu. Nyuzi za manjano zimezitambaa juu mpaka zimefunika majani, hazina mzizi unaoonekana. Nazo niziloweke ndani ya ndoo?

BintiWitu

Ukhti, huo ni mlangamia. Mlangamia hujishikiza kwenye shina juu ya ardhi, na striga hujishikiza kwenye mzizi chini ya ardhi. Unyonyaji ni mmoja, mlango ni tofauti. Kata na uchome kunde zilizofunikwa kabla ya nyuzi kuchanua.

Ukhti_Faza

Ahsante dada, nimefahamu.

Kaka_Marafa

Mstaafu amesema vizuri, lakini hajanijibu. Kama striga ni adui anayesimama peke yake, mbona huwaonea wenye udongo uliochoka? Jirani wa huyu ndugu ana zizi la ng'ombe, na shamba lake halina gugu. Mimi bado nasema ni rutuba.

BwanaShamba_Mstaafu

Kaka_Marafa, una nusu ya ukweli, na ni nusu yenye uzito, kwa hiyo sitaipuuza.

Mbegu ya striga ni ndogo mno, kama vumbi la tumbaku. Urefu wake ni robo ya milimita hivi, na gramu moja huwa na zaidi ya laki moja. Mbegu ndogo kiasi hicho haina akiba ya chakula. Ikiota mbali na mzizi hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo haioti ovyo. Kwanza hupumzika miezi kadhaa baada ya kukomaa. Halafu hungoja udongo uwe na joto na unyevu kwa wiki moja hadi tatu, jambo ambalo mvua zetu za masika hulifanya vizuri sana. Hata hapo bado haioti, mpaka isikie wito wa mzizi ulio umbali wa milimita chache tu. Wito huo ni kemikali ambazo mzizi wenyewe huzitoa kwa kiasi kidogo mno, nazo huitwa strigolaktoni. Pasipo wito, mbegu hurudi kulala, na inaweza kungoja miaka kumi au zaidi.

Watu waliulizana kwa muda mrefu kwa nini mhindi umwite adui yake. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wito huo haukukusudiwa striga. Mzizi huwaita kuvu wema wa udongoni, ambao huuletea fosforasi. Udongo ukipungukiwa na fosforasi, mzizi huita kwa nguvu zaidi, na striga iliyolala jirani husikia. Hapo ndipo njaa ya udongo unayoisema inapoingia. Shamba lenye mbolea ya fosforasi wakati wa kupanda na naitrojeni ya kukuzia huwa na mahindi yanayoita kidogo, tena yenye nguvu ya kuvumilia.

Lakini udongo uliochoka hauzai striga kutoka hewani. Pasipo mbegu hakuna gugu, hata mchanga uwe mtupu namna gani. Na penye mbegu nyingi, samadi hupunguza bila kumaliza.

Mfugaji_Magarini

Kuhusu samadi, mimi naona ndiyo inayoleta. Nilinunua samadi mkokoteni mzima kutoka kwa wafugaji, na msimu uliofuata gugu jekundu likaota kwa mara ya kwanza. Ng'ombe hula mabua yenye gugu, mbegu hupita tumboni, na sisi tunajilipia kuzipeleka shambani.

Gongoni_Juu

Mwenye uzi amesema wazi kwamba gugu limeanzia upande trekta linapogeukia. Trekta la kukodisha hupita mashamba kumi kwa siku na udongo wa kila shamba hubaki kwenye majembe yake. Mbegu kama vumbi la tumbaku haihitaji mkokoteni.

Mlimaji_wa_Hindi

Mimi nilikuwa nikishuku mbegu za mahindi nilizonunua sokoni, maana yalikuwa mahindi ya kula yaliyotandazwa kwenye turubai chini. Sasa nimekuwa na washukiwa watatu.

BwanaShamba_Mstaafu

Wote watatu wanawezekana, pamoja na maji ya mafuriko na upepo kwa masafa mafupi. Mfugaji_Magarini, samadi iliyorundikwa vizuri, ikachemka na kugeuzwa kwa wiki kadhaa, ina hatari ndogo kuliko ile iliyozolewa mbichi kutoka zizini. Nisingekushauri uache samadi.

BintiWitu

Turudi kwenye dawa. Nitaeleza yaliyonipata mimi, kwa sababu nilikuwa mahali alipo ndugu wa Hindi.

Nina ekari mbili Witu. Gugu lilipozidi, mzee wangu aliniambia niache mahindi kabisa nilime pamba, kwa kuwa pamba ina sumu inayoua gugu. Nililima pamba misimu miwili mfululizo, na sikuona hata ua moja jekundu. Msimu wa tatu nikarudi kwenye mahindi. Gugu likarudi nalo, ila kwa uchache: palipokuwa na fungu la mimea ishirini sasa palikuwa na minne au mitano. Mavuno yalipanda kutoka magunia matatu kwa ekari hadi matano. Nikafurahi, nikalima mahindi tena misimu miwili, na mambo yakarudi yalikotoka. Nilijiuliza kama sumu ya pamba huisha nguvu.

BwanaShamba_Mstaafu

Bi BintiWitu, kisa chako kina somo kubwa kuliko kitabu, ila sumu ndiyo si sahihi. Pamba haiui kwa sumu. Pamba huita. Mizizi yake hutoa wito ule ule, tena mkali, kiasi kwamba kemikali ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa na wanakemia, mwaka 1966, ilitokana na mizizi ya pamba na si ya mahindi. Mbegu ya striga husikia, huota, hutafuta pa kujishikiza, na kwenye mzizi wa pamba haipati njia ya kuingia na kunyonya. Siku chache baadaye hufa. Hayo hutendeka chini ya udongo, ndiyo sababu hukuona ua hata moja. Simsim, kunde, njugu, soya na alizeti hufanya vivyo hivyo kwa viwango tofauti. Sisi wa pwani tuna bahati kwamba pamba na simsim ni mazao tunayoyajua tangu zamani, hatuhitaji kufundishwa kuyalima.

Kwa nini basi gugu lilirudi? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kila mita moja ya mraba ya shamba lako ilikuwa na mbegu hai elfu moja. Mzizi wa pamba hauwezi kugusa kila tone la udongo, na mbegu iliyo mbali na mzizi haisikii kitu. Tuseme kila msimu wa pamba umeondoa nusu. Baada ya misimu miwili zimebaki mia mbili na hamsini. Ndipo ukaona mimea minne au mitano badala ya ishirini, jambo linalolingana na hesabu. Sasa mimea hiyo michache, je, uling'oa yote kabla haijakomaa?

BintiWitu

Niling'oa mara moja tu, wakati wa palizi ya pili. Mingine iliota baadaye, nikaona ni michache, nikaiacha.

BwanaShamba_Mstaafu

Hapo ndipo penye jibu. Mmea mmoja wa striga huzaa maelfu mengi ya mbegu. Hata tukisema mmoja uliobaki umezaa elfu ishirini tu, kwenye eneo la mita ishirini za mraba umerudisha mbegu elfu moja kwa kila mita, yaani pale pale ulipoanzia. Misimu miwili ya pamba imefutwa na mmea mmoja.

Hili ndilo sharti nililoahidi kumweleza mwenye uzi. Zao la mtego, kama pamba, huondoa mbegu zilizomo, na kung'oa huzuia mpya kuingia. Ukifanya moja bila jingine, unateka maji kwa ndoo iliyotoboka. Wakati wa kung'oa ni pale maua yanapoanza tu. Ukiwahi sana, shina hukatika na kuchipua tena, na nyingine nyingi bado hazijatoka. Ukichelewa, vifuko vya mbegu chini ya shina hukomaa wakati juu bado pana maua mazuri, na mtu hudhani kwamba amewahi. Rudi baada ya wiki mbili, kisha tena. Usiiache mimea uliyong'oa kwenye tuta, kwa sababu yenye maua huweza kukomaza mbegu ikiwa inakauka. Ichome, au ifukie ndani ya shimo refu nje ya shamba.

Na jambo linalosahauliwa na karibu kila mtu: pita tena baada ya kuvuna. Mabua yakibaki mabichi mashinani, striga huendelea kunyonya na kuzaa hali mkulima amekwisha kuipa shamba kisogo.

Mwalimu_Mpeketoni

Nakubaliana na hesabu hiyo, lakini kumwambia mwenye ekari moja aache mahindi misimu miwili ni kumwambia anunue unga dukani miezi mingi. Kwetu ziwani, kituo cha utafiti cha Mbita kilitufundisha kupanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na majani ya mifugo kuzunguka shamba. Desmodiamu huiamsha mbegu ya striga, na papo hapo mizizi yake hutoa kitu kingine kinachoizuia isiushike mzizi wa mhindi. Kwa hiyo unalima mahindi na mtego kwa wakati mmoja. Mama yangu alifanya hivyo. Msimu wa kwanza hakuona tofauti kubwa, kwa kuwa desmodiamu huanza polepole. Kuanzia wa pili kayongo ilipungua kila msimu, na ng'ombe akapata malisho. Mbona mstaafu hataji?

Kaka_Marafa

Mwalimu, kule kwenu mvua ni mara mbili na zote zinaaminika. Hapa kwetu kati ya masika na vuli jua huchoma mpaka nyasi zinakatika. Na mbuzi wasiochungwa wakishavuna watu, hiyo desmodiamu itabaki mchana mmoja tu.

Mwalimu_Mpeketoni

Ipo aina ya jani la kijani inayovumilia ukame zaidi kuliko ile yenye mstari wa fedha kwenye jani. Mbuzi ni suala la ua na majirani.

BwanaShamba_Mstaafu

Sikuitaja kwa sababu nilitaka kuanza na vilivyomo ghalani mwetu. Njia hiyo ni ya kweli na imewafaa wengi upande wa magharibi. Udhaifu wake huku ni kama alivyosema Kaka_Marafa: mbegu zake ni ndogo na ghali, hutaka udongo laini na palizi ya mapema, na kwa kuwa ni mmea wa kudumu huwezi kulipitisha trekta shamba zima kila msimu. Mwenye ua na ng'ombe wa zizini ajaribu robo ekari. Asiye navyo apande kunde au simsim katikati ya mistari, akijua kwamba nguvu yake ni ndogo kuliko ya desmodiamu.

Gongoni_Juu

Na mbegu za mahindi zilizopakwa dawa? Nimesikia zinaitwa Ua Kayongo.

Mfugaji_Magarini

Nilizitumia, na sitazitumia tena. Gugu lilipungua kweli, lakini kunde nilizopanda siku ile ile hazikuota. Muuzaji hakunieleza lolote.

BwanaShamba_Mstaafu

Pole. Ulizigusa kunde kwa mikono iliyoshika mahindi yenye dawa. Dawa yenyewe ni imazapiri, na mahindi ya aina hiyo yamezalishwa yaivumilie. Kunde hazina uvumilivu huo, na chembe iliyo kwenye vidole inatosha kuziharibu. Panda kunde kwanza, kisha mahindi, au uoshe mikono kwa sabuni kati ya kazi hizo mbili. Dawa huingia ndani ya mche, na striga inayojishikiza kwenye mzizi hufa kabla ya kudhuru, jambo ambalo kung'oa hakuliwezi. Mipaka yake ni miwili. Mvua kubwa ikinyesha mara baada ya kupanda kwenye kichanga kama chetu, dawa huoshwa na kushuka chini ya mizizi. Na huwezi kuhifadhi mavuno yake kuwa mbegu, kwa sababu mbegu hizo hazina dawa juu yake.

Gongoni_Juu

Basi kwa nini asipulizie tu ile 2,4-D wanayotumia kwenye mashamba ya miwa?

BintiWitu

Tafadhali asifanye hivyo penye pamba. Jirani alipulizia siku ya upepo, na majani ya pamba yangu yakajikunja kama vidole vya mgonjwa, na vitumba vikapukutika. Pamba huhisi dawa hiyo hata kwa harufu. Na mahindi yalikuwa yamekwisha kudumaa, kwa hiyo alikuwa amefanya kwa gharama kubwa kazi ile ile ya kung'oa.

Ukhti_Faza

Nina swali dogo. Sisi tunapenda mtama kuliko mahindi, kwa uji na kwa ndege wa nyumbani. Mtama nao huita?

BwanaShamba_Mstaafu

Huita sana, lakini si mitama yote. Mwanasayansi wa Ethiopia, Gebisa Ejeta, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi aliyofanya na wenzake ya kuzalisha mitama ambayo wito wake striga hausikii vyema. Tanzania iliidhinisha miwili mwaka 2002, ikaitwa Hakika na Wahi. Nakutahadharisha kwamba mtama wa namna hiyo hushambuliwa kidogo tu, si kwamba haushambuliwi kabisa, na usipoing'oa ile michache iliyopenya utarudi kwenye hesabu ya BintiWitu.

Kaka_Marafa

Nami nina langu la wazee. Hapa kwetu wapo wanaopanda mdzihana, mahindi yetu ya kienyeji, peke yake na husema gugu haliuwezi. Mahindi ya kisasa ndiyo yanayoonewa.

BwanaShamba_Mstaafu

Kama mdzihana huwahi kukomaa, huweza kujaza punje kabla unyonyaji haujafika kilele chake. Hilo ni kuvumilia. Hesabu maua yaliyo chini yake kabla ya kusema kwamba gugu haliuwezi.

Kaka_Marafa

Nitahesabu, lakini nina hakika na wazee wangu.

Mlimaji_wa_Hindi

Nimesoma yote mara mbili. Kabla ya kuamua kama nipande simsim shamba zima au nusu, ningependa kujua mbegu zimejaa wapi. Kuna njia ya kupima bila kupeleka udongo maabara?

BwanaShamba_Mstaafu

Ipo, na ni rahisi. Tafuta ndoo nne kuukuu, uzitoboe chini. Chukua udongo wa juu, kina cha shubiri moja, kutoka sehemu nne: upande wa trekta, katikati, upande wa mtama, na mahali ulipomwaga samadi. Usichanganye, na uoshe jembe kila unapohama. Panda mahindi matatu kwa kila ndoo, umwagilie kwa wastani, udongo usiwe tope, kwa maana maji yakizidi striga haioti vizuri. Usiweke mbolea. Ngoja wiki nane. Hesabu vinavyochungulia, kisha mwaga ndoo ndani ya maji na uangalie mizizi, kwa sababu vilivyo chini huwa vingi kuliko vilivyotoka. Ukimaliza, choma kila kitu na usirudishe udongo huo shambani.

Mlimaji_wa_Hindi

Wanajamvi, nimerudi baada ya wiki tisa. Ndoo ya upande wa trekta: mimea kumi na minne juu, na vichipukizi vyeupe ambavyo niliacha kuvihesabu nilipofika thelathini. Ndoo ya katikati: mitatu. Ndoo ya upande wa mtama: sita. Ndoo ya samadi: hakuna hata mmoja juu, na kwenye mizizi nilipata viwili tu.

Nimeamua upande wa trekta na wa mtama niupande simsim vuli hii, na masika ijayo niweke pamba au kunde. Katikati nitaendelea na mahindi, niyape mbolea wakati wa kupanda, na nipite kung'oa mara tatu, ya tatu ikiwa baada ya kuvuna.

Gongoni_Juu

Trekta limepatikana na hatia.

Mfugaji_Magarini

Halijapatikana. Penye samadi pana rutuba, na mstaafu mwenyewe amesema mhindi ulioshiba huita kidogo. Huenda mbegu zimejaa pale na zimelala tu kwa kukosa mwito.

Kaka_Marafa

Au samadi imefanya kazi niliyosema tangu mwanzo.

BwanaShamba_Mstaafu

Pingamizi la Mfugaji lina nguvu, na ndoo moja kwa kila sehemu haitoshi kulikata. Mlimaji, ukiwa na nafasi, rudia ndoo ya samadi mara tatu, na katika mojawapo uchanganye udongo huo nusu kwa nusu na mchanga safi wa mtoni ili kupunguza rutuba. Mimea ikiongezeka katika hiyo, mbegu zilikuwamo.

Mlimaji_wa_Hindi

Nitafanya hivyo wiki hii. Je, mchanga wa ufukweni unafaa, au chumvi yake itaharibu kipimo?

Ukhti_Faza

Usitumie wa ufukweni, kaka. Hata mchicha hauoti humo. Ukipita Mokowe uliza wanaochimba mchanga wa kujengea, wao huutoa bara.